Dau la Mnyonge: Mwigo wa Mtaji na Hatari ya Kufilisika kwa Mcheza Kamari Mwenye Faida Ndogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mwigo wa nambari nasibu unavyotumiwa kukadiria uwezekano wa mcheza kamari kufilisika, hata pale ambapo kila dau analoliweka lina faida ndogo upande wake. Mfano mmoja unafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho: mtu mwenye mtaji wa shilingi 10,000, dau la shilingi 500 na uwezekano wa kushinda wa asilimia 51. Makala yanabainisha kuwa faida ndogo peke yake haimkingi mchezaji. Kinachomkinga ni uwiano wa mtaji na dau, na kinachomponza zaidi ni kuiamini faida ambayo hana hakika nayo.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno dau lina maana mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni chombo cha baharini. Ya pili ni fedha ambayo mcheza kamari huiweka ili aipoteze akishindwa au aongezewe akishinda. Methali isemayo "Dau la mnyonge haliendi joshi" imejengwa juu ya maana ya kwanza, nayo hutumiwa kuonyesha kwamba mambo ya asiye na uwezo hayaendi mbele kwa wepesi. Hata hivyo, mtu akiichukua maana ya pili na kuitia ndani ya methali hiyo hiyo, atapata kauli ya kihisabati inayoweza kuthibitishwa: dau la mwenye mtaji mdogo huweza kuzama hata kama upepo unavuma upande anakoelekea.

Kauli hiyo inapingana na mawazo ya watu wengi. Aghalabu hudhaniwa kwamba mcheza kamari hufilisika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mchezo umepangwa ili mwenye mchezo apate faida. Kwa wachezaji walio wengi sababu hiyo ni ya kweli. Lakini achukuliwe yule mmoja aliye nadra, ambaye kwa elimu yake au kwa uzembe wa aliyepanga viwango vya malipo amepata nafasi ya kushinda mara 51 katika kila michezo 100 inayolipa sawa kwa sawa. Huyu, kwa wastani, huongeza mali yake. Je, anaweza kufilisika? Na kama anaweza, hatari hiyo ni ya kiasi gani?

Swali hili ni la zamani. Mnamo mwaka wa 1656 Blaise Pascal alimtumia Pierre de Fermat fumbo la wachezaji wawili wanaonyang'anyana pointi hadi mmoja wao aishiwe kabisa. Mwaka uliofuata, 1657, Christiaan Huygens alilichapisha likiwa fumbo la tano na la mwisho katika kijitabu chake kuhusu hesabu za michezo ya bahati. Tangu hapo tatizo hilo limejulikana kama tatizo la kufilisika kwa mcheza kamari. Katika makala haya jibu lake linatafutwa kwa njia mbili, yaani mwigo na kanuni, kisha majibu hayo mawili yanapimwa moja dhidi ya jingine.

2.0 Istilahi na Mfano Unaochunguzwa

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa kwanza. Mtaji ni fedha yote ambayo mchezaji ameitenga kwa ajili ya mchezo, wala haichanganywi na ya karo au ya kodi ya nyumba. Kufilisika ni mtaji huo kufikia sufuri, kwa kuwa asiye na kitu hawezi kuweka dau jingine. Hatari ya kufilisika ni uwezekano wa jambo hilo kutokea, nao huandikwa kama nambari iliyo kati ya 0 na 1 au kama asilimia. Mwigo ni uigaji wa tukio la kweli kwa kutumia nambari zilizotolewa kwa nasibu badala ya fedha na mchezo wenyewe.

Istilahi ya tano ni faida tarajiwa. Huu ni wastani wa kile ambacho mchezaji hupata kwa kila shilingi anayoiweka, endapo mchezo utarudiwa mara nyingi sana. Mchezaji wa mfano huu, ambaye kwa urahisi wa maelezo ataitwa Athumani, hushinda kwa uwezekano wa 0.51 na kushindwa kwa uwezekano wa 0.49. Akishinda huongezewa kiasi sawa na dau lake. Akishindwa hulipoteza lote. Faida yake tarajiwa ni 0.51 kutoa 0.49, yaani 0.02. Kwa kila shilingi 100 anazoziweka, hupata wastani wa shilingi 2.

Ni vyema kusisitiza kwamba faida hii inategemea malipo ya sawa kwa sawa. Pale ambapo dau la shilingi 100 hurudisha jumla ya shilingi 190 badala ya 200, mchezaji anahitaji kushinda takriban asilimia 52.6 ya michezo ili asipate wala asipoteze. Athumani akipelekwa huko na asilimia zake 51, faida yake ya asilimia 2 hugeuka hasara ya takriban asilimia 3. Kodi au ada yoyote inayokatwa kwenye ushindi hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hivyo kabla ya mwigo wowote kuanza, ni sharti malipo halisi yahesabiwe kwanza.

Mtaji wa Athumani ni shilingi 10,000, na kila mara huweka shilingi 500. Kwa lugha nyingine, ana mtaji wa madau 20. Hesabu zote zinazofuata zinafanywa kwa madau, kwani mwenye shilingi 10,000 anayeweka 500 na mwenye shilingi milioni moja anayeweka 50,000 wana hatari ileile. Kinachopimwa ni uwiano wa mtaji na dau.

3.0 Chimbuko la Mbinu

Mbinu ya kuiga nasibu ili kupata jibu la hesabu inafahamika kwa jina la Monte Carlo, eneo lenye nyumba mashuhuri ya kamari katika nchi ya Monako. Mnamo mwaka wa 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya kuugua, alikuwa akicheza karata za mtu mmoja. Alijiuliza ni mara ngapi mchezo huo hufaulu. Baada ya kujaribu kulitatua swali hilo kwa hesabu za mpangilio, alitambua kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuucheza mchezo mara mia moja na kuhesabu tu zilizofaulu. Wazo hilo alimweleza John von Neumann, nao wakaona kwamba tarakilishi za wakati huo zingeweza kulitumia katika matatizo ya fizikia. Makala ya kwanza yaliyoitaja mbinu hiyo kwa jina hilo yalichapishwa na Nicholas Metropolis pamoja na Ulam mwaka wa 1949.

Kiini cha mbinu ni chepesi. Maisha ya mchezaji mmoja hayatoshi kuonyesha hatari yake, kwa sababu maisha hayo hutokea mara moja tu: ama amefilisika ama hajafilisika. Lakini mchezaji huyo akiigwa mara elfu kumi, sehemu ya wale "Athumani" elfu kumi waliofilisika ndiyo makadirio ya hatari.

4.0 Mwigo Wenyewe: kwa Mkono na kwa Tarakilishi

Mwigo unaweza kufanywa kwa mkono ili hatua zake zieleweke. Huhitajika orodha ya nambari nasibu zenye tarakimu mbili, kuanzia 00 hadi 99. Nambari hizo ni mia moja. Zile za 00 hadi 50, ambazo ni 51, huhesabiwa kuwa ushindi. Zile za 51 hadi 99, ambazo ni 49, huwa kushindwa. Kila nambari inayosomwa ni mchezo mmoja.

Ichukuliwe kuwa nambari kumi za kwanza ni 37, 82, 64, 05, 91, 73, 48, 66, 59 na 20. Athumani anaanza na shilingi 10,000. Nambari 37 ni ushindi, akapanda hadi 10,500. Nambari 82 na 64 zikamrudisha hadi 10,000 kisha 9,500. Nambari 05 ikampandisha tena hadi 10,000. Halafu 91 na 73 zikamshusha hadi 9,000. 48 ikampa 9,500. 66 na 59 zikamfikisha 8,500. Na 20 ikamwinua hadi 9,000. Katika michezo kumi ameshinda minne na kushindwa sita, na amepoteza shilingi 1,000, ilhali faida ilikuwa upande wake muda wote. Hakuna kosa lolote lililotendeka. Kwa wastani, michezo kumi humpa faida ya shilingi 100 tu, lakini mtikisiko wa kawaida wa michezo kumi ni zaidi ya shilingi 1,500 kwenda juu au chini. Faida ndogo haionekani katika safari fupi. Humezwa na mawimbi.

Safari hiyo ikiendelezwa hadi mchezo wa 1,000, au hadi mtaji utakapofika sufuri, safari moja imekamilika. Kwa mkono kazi hiyo huchosha. Tarakilishi huifanya mara elfu kumi kwa muda mfupi, na programu yake katika lugha ya Python ni hii:

```python
import random

def amefilisika(madau, p, michezo):
    mtaji = madau
    for i in range(michezo):
        if random.random() < p:
            mtaji += 1
        else:
            mtaji -= 1
        if mtaji == 0:
            return True
    return False

safari = 10000
idadi = sum(amefilisika(20, 0.51, 1000) for k in range(safari))
print(idadi / safari)
```

Sehemu ya kwanza ya programu inaeleza safari moja. Amri ya `random.random()` hutoa nambari nasibu kati ya 0 na 1. Ikiwa ndogo kuliko `p`, Athumani ameshinda. Mstari wenye `mtaji == 0` ndio unaochunguza kama amefilisika, nao unaulizwa baada ya kila mchezo. Sehemu ya mwisho huzirudia safari hizo mara 10,000, huhesabu zilizoishia kwenye sufuri, na kugawanya.

5.0 Matokeo na Namna ya Kuyapima

Programu hiyo ikiendeshwa, hutoa jibu lililo karibu na 0.33. Hii ina maana kwamba takriban mmoja kati ya kila Athumani watatu hufilisika kabla ya kumaliza michezo 1,000. Michezo ikipunguzwa hadi 100, hatari ni takriban asilimia 3 pekee. Ikiongezwa hadi 10,000, hatari hufika karibu asilimia 45. Wakati huo huo, wastani wa mitaji ya wachezaji wote kwa pamoja uko juu ya shilingi 10,000 walizoanza nazo. Hakuna mgongano baina ya mambo haya mawili. Wastani hubebwa na wale waliosalia na kupanda juu sana, ilhali theluthi ya wenzao wameshaondoka mikono mitupu.

Jibu la mwigo halipaswi kusadikiwa kabla ya kupimwa, na kipimo cha kwanza ni idadi ya safari. Kila programu inapoendeshwa upya, tarakimu za mwisho hubadilika kwa kuwa nambari nasibu zimebadilika. Kwa safari 10,000, jibu la 33 aghalabu halipotei kwa zaidi ya asilimia moja juu au chini. Kwa safari 100 tu, laweza kuwa popote kati ya 24 na 42, na makadirio ya namna hiyo hayamsaidii mtu. Kosa la sampuli hupungua polepole: ili lipunguzwe nusu, safari zinahitaji kuongezwa mara nne.

Kipimo cha pili ni kanuni. Kwa bahati njema, mchezo huu ni mwepesi kiasi kwamba hatari yake ya milele, yaani ile isiyokomea kwenye mchezo wa 1,000, inaweza kupatikana bila tarakilishi. Ichukuliwe kuwa r ni uwezekano wa mchezaji kuwahi kushuka dau moja chini ya pale alipo sasa. Jambo hilo hutokea kwa njia mbili. Ama anashindwa mchezo unaofuata, kwa uwezekano q; ama anaushinda, kwa uwezekano p, na kisha analazimika kushuka madau mawili, kwa uwezekano wa r mara r. Kwa hivyo:

```
r = q + p*r*r
```

Mlinganyo huu una majibu mawili: r = 1, na r = q/p. Kwa mchezaji asiye na faida, jibu ni la kwanza: kushuka kwake ni hakika. Kwa mwenye faida, jibu ni la pili. Kwa Athumani, r ni 0.49 ikigawanywa kwa 0.51, yaani takriban 0.961. Na ili apoteze madau yote 20, ni lazima ashuke dau moja, kisha jingine, kisha jingine, mara 20 mfululizo wa hatua. Hatari yake ni 0.961 ikizidishwa yenyewe mara 20, nayo ni takriban 0.449.

Hiyo 0.449 ndiyo inayotumiwa kuikagua programu. Michezo ikiwekwa 10,000, mwigo hutakiwa kutoa jibu la karibu na 0.447, yaani chini kidogo tu ya kanuni, kwa sababu karibu wote watakaofilisika huwa wamekwisha kufanya hivyo. Ikiwa programu inatoa 0.30 au 0.60, tatizo halimo katika bahati bali katika programu.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kanuni ipo, mwigo ni wa nini? Kanuni hii hufaa pale tu ambapo dau halibadiliki, malipo ni sawa kwa sawa na michezo haina mwisho. Pindi mchezaji anapobadilisha dau kulingana na mtaji, au malipo yanapotofautiana kutoka mchezo hadi mchezo, kanuni nyepesi hutoweka. Mwigo hubadilishwa mstari mmoja au miwili na kuendelea na kazi. Ndiyo maana hukaguliwa kwanza pale ambapo jibu linajulikana, ndipo utumwe mahali ambapo halijulikani.

6.0 Kosa Linalofufua Wafu

Kosa moja hutokea mara kwa mara katika miigo ya aina hii, nalo lastahili kuelezwa kwa kina. Mtungaji wa programu huiacha safari iendelee hadi mchezo wa 1,000, kisha huangalia mtaji uliosalia mwishoni. Kama ni sufuri au chini yake, humhesabu mchezaji kuwa amefilisika. Kama ni zaidi ya sufuri, humhesabu kuwa salama.

Programu iliyoandikwa hivyo kwa mfano wa Athumani hutoa jibu la takriban asilimia 11 badala ya asilimia 33. Tofauti hiyo inatokana na wachezaji ambao mtaji wao ulifika sufuri katikati ya safari, mathalani kwenye mchezo wa 400, lakini programu ikawaruhusu kuendelea kuweka madau ambayo hawakuwa nayo, hadi wakapanda tena. Katika maisha hakuna anayepanda kutoka sufuri bila kukopa. Wawili kati ya kila watatu waliofilisika wamefufuliwa na kosa la mstari mmoja. Dalili ya kosa hili ni kwamba michezo ikizidi kuongezwa, hatari hufika kilele kisha huanza kupungua. Hatari ya kufilisika ya kweli haiwezi kupungua kwa kuongezwa muda, kwani aliyekwisha kufilisika hubaki hivyo.

Kuna funzo la maisha ndani ya kosa hilo. Mchezaji anayeenda kukopa baada ya kuishiwa kwa hoja kwamba "mwishowe faida itajitokeza" anaishi ndani ya programu hiyo yenye kosa. Faida hujitokeza kwa aliyebaki mchezoni tu.

7.0 Ukubwa wa Dau

Maadamu hatari hutegemea uwiano wa mtaji na dau, Athumani ana njia ya kuipunguza bila kutafuta shilingi nyingine hata moja: kupunguza dau. Akiweka shilingi 200 badala ya 500, mtaji wake unakuwa wa madau 50. Katika michezo 1,000, hatari hushuka kutoka takriban asilimia 33 hadi asilimia 4, na hatari ya milele huwa asilimia 13.5. Akiweka shilingi 100, ana madau 100. Hatari ya michezo 1,000 inakaribia sufuri, na ya milele ni chini ya asilimia 2. Kinyume chake, akiongozwa na pupa na kuweka shilingi 1,000, ana madau 10 tu, na hatari ya michezo 1,000 inapanda hadi asilimia 59.

Usalama huo una gharama yake. Kwa dau la shilingi 100, faida tarajiwa ya michezo 1,000 ni shilingi 2,000. Kwa dau la shilingi 500 ingekuwa 10,000, kama angehakikishiwa kufika mwisho. Hapa ndipo swali la mchezaji linapobadilika: si tena iwapo ana faida, bali ni kiasi gani cha faida hiyo yuko tayari kukiacha ili abaki mchezoni.

Jibu moja mashuhuri lilitolewa mwaka wa 1956 na John Kelly, aliyekuwa mtafiti katika maabara za Bell nchini Marekani. Kwa mchezo wa malipo sawa kwa sawa, sehemu ya mtaji inayokuza mali kwa kasi kubwa zaidi katika muda mrefu ni p kutoa q. Kwa Athumani hiyo ni asilimia 2 ya mtaji, yaani shilingi 200 anapoanza. Dau hilo halikai pale pale: mtaji ukishuka hadi 8,000, dau linakuwa 160, ukipanda hadi 15,000, linakuwa 300. Katika nadharia, mchezaji wa namna hii hafiki sufuri kamwe, kwani kila anaposhindwa hupoteza sehemu tu ya kilichopo.

Hata hivyo, kutofika sufuri si sawa na kuwa salama. Anayefuata kipimo cha Kelly kikamilifu ana uwezekano wa takriban asilimia 50 wa kuona mtaji wake ukishuka wakati fulani hadi nusu ya ule alioanza nao. Kwa mchezaji wa aina hii, mwigo hubadilishiwa kigezo: badala ya kuuliza kama mtaji umefika sufuri, huuliza kama umeshuka chini ya kiwango ambacho mwenyewe hawezi kukivumilia. Akiweka nusu ya kipimo cha Kelly, yaani asilimia 1 ya mtaji, uwezekano huo wa kupoteza nusu hushuka hadi takriban mmoja katika wanane. Ndiyo sababu wengi wanaokijua kipimo hicho hukitumia nusu.

8.0 Faida Isiyo na Hakika

Kufikia hapa, nambari 0.51 imekubaliwa bila kuhojiwa. Programu huiamini kwa sababu imeambiwa, lakini Athumani ameipata wapi? Ikiwa ni sarafu au karata, huenda ikahesabiwa. Ikiwa ni mechi za kandanda, imetoka katika kumbukumbu za madau yake ya awali, na kumbukumbu hizo ni sampuli.

Tuseme kwamba amehifadhi matokeo ya madau 400, na ameshinda 204, yaani asilimia 51 kamili. Kwa sampuli ya ukubwa huo, bahati peke yake huweza kuisogeza asilimia kwa takriban 5 juu au chini. Uwezo wake wa kweli waweza kuwa 46, waweza kuwa 56. Ili asilimia 51 itofautishwe na 50 kwa uhakika wa kuridhisha, huhitajika madau takriban 10,000. Mwigo wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba kwa dau la shilingi 500, karibu nusu ya wachezaji wa kweli wa asilimia 51 watakuwa wamefilisika kabla ya kuthibitisha kwamba walikuwa na faida.

Athari ya shaka hiyo inaweza kuigwa. Kwa madau 20 na michezo 1,000, mchezaji wa asilimia 51 ana hatari ya takriban 33 kwa mia. Wa asilimia 50, asiye na faida wala hasara, ana 53. Wa asilimia 49 ana 73. Sasa iongezwe hatua moja katika programu: kabla ya kila safari, `p` ichaguliwe kwa nasibu miongoni mwa 0.49, 0.50 na 0.51 kwa nafasi sawa, kisha ibaki hivyo hadi mwisho wa safari. Jibu linakuwa takriban 53 kwa mia. Hakuna kilichobadilishwa katika mtaji wala katika dau. Kilichobadilika ni kukiri kwamba faida haijulikani barabara, na hatari imetoka theluthi moja hadi zaidi ya nusu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uteuzi wa `p` hufanywa mara moja kwa kila safari, wala si kwa kila mchezo. Ukifanywa kwa kila mchezo, nambari hizo tatu huchanganyika kuwa 0.50, na mwigo huwa wa mtu ambaye uwezo wake hubadilika kila dakika. Katika hali ambapo nambari tatu zina wastani wa 0.50, majibu hayo mawili yaweza kukaribiana katika michezo 1,000, na kosa likajificha. Hufichuka michezo inapoongezwa sana: kwa uteuzi wa kila mchezo hatari huelekea 100 kwa mia, ilhali kwa uteuzi wa kila safari huelekea takriban 82, kwa kuwa theluthi ya wachezaji wana faida ya kweli, na zaidi ya nusu ya hao husalia.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mchezaji mwenye faida ya asilimia 2 na mtaji wa madau 20 ana hatari ya takriban 33 kwa mia ya kufilisika ndani ya michezo 1,000, na takriban 45 kwa mia akiendelea bila kikomo. Mwigo unaotoa majibu hayo ni mfupi, lakini ni sharti ukaguliwe dhidi ya kanuni, uchunguze sufuri baada ya kila mchezo, na urudiwe mara za kutosha. Hatari hupungua dau likipunguzwa, na huongezeka faida inapokuwa ya kudhaniwa.

Hesabu zote hizi zimefanywa kwa ajili ya mchezaji aliye nadra, yule mwenye faida. Kwa wengine wote, ambao malipo yamepangwa dhidi yao, mlinganyo wa sehemu ya tano una jibu moja tu, nalo ni r = 1: wakiendelea kucheza, kufilisika kwao ni suala la muda. Dau la mnyonge haliendi joshi upepo ukiwa mbele yake; na hata upepo ukigeuka na kumsukuma, humfaa kwanza ahakikishe kwamba chombo chake kinaweza kuyahimili mawimbi yaliyo baina yake na bandari.